Sahani iondoke baada ya nusu saa

Swali: Dokta, niko na malewa kule Kamalondo. Nyuma ya jikoni kuko paka kama kumi na kitu, hawana mwenyewe. Ninawapa mabaki asubuhi na jioni, maana nilifikiri watafukuza panya. Sasa majirani wanalalamika harufu, panya wenyewe wameongezeka, na kila mara kuko watoto wa paka wapya. Nimesikia munaweza kuwafunga uzazi mukiwakata sikio. Kwa nini sikio? Huku watu watasema ni mambo ya uchawi. Nianzie wapi?

Jibu:

Mama, kaa siku moja nyuma ya jikoni yako saa 2 usiku, ukiwa na tochi, bila kelele. Utaona nani anakula chakula chako. Paka wanakula wanachotaka wanaondoka, kinachobaki kinalala chini ya ukuta, na giza likiingia panya wanatoka mferejini kuja kumalizia. Panya hali sahani moja na paka, anangoja zamu yake. Kwa hiyo umekuwa ukilisha makundi mawili, na lile la usiku ndilo linalozaa upesi zaidi. Wala usitegemee sana paka wakusaidie hapo. Paka hupenda vipanya vya nyumbani na makinda. Yule panya mzima wa mferejini, mzito na mwenye meno, paka wengi humkwepa.

Basi anzia kwenye saa. Badala ya mara mbili, walishe mara moja, saa 10 na nusu jioni, jua likiwa bado lipo. Weka sahani, ngoja dakika 30, halafu okota sahani zote, zilizokwisha na zisizokwisha. Maji peke yake ndiyo yanabaki pale usiku na mchana. Siku mbili tatu za kwanza utasikia huruma, kwa sababu kuna watakaochelewa na kukuta pamefagiwa. Vumilia. Paka hujifunza saa haraka kuliko wateja wa mkopo. Gonga sufuria kwa mwiko kabla ya kuweka chakula, kila siku mlio uleule, na baada ya wiki moja hivi utawakuta wamekwisha kujipanga juu ya ukuta kabla hujatoka.

Nusu saa hiyo inakupa kitu ambacho mabaki ya kumwaga hayawezi kukupa: kundi zima mahali pamoja, kwenye mwanga, vichwa vimeinama kwenye sahani na masikio yamesimama. Hakuna wakati mwingine wa siku ambapo utayaona masikio yote. Nitarudi hapo, maana ndipo jibu la swali lako lilipo.

Mahali penyewe pahame kutoka kwenye ukuta wa jikoni. Usipahamishe kwa siku moja. Sogeza sahani hatua mbili tatu kila siku mpaka ufike pembe ya mbali na wateja na mbali na ukuta wa jirani anayelalamika. Laza matofali bapa au mwaga sementi kidogo, kama mita 1 kwa 2, yenye mteremko mdogo ili maji ya kuoshea yasituame. Tumia visahani vya chuma au aluminiamu, kwa sababu plastiki hukwaruzika na mafuta yakaingia kwenye mikwaruzo hata usugue vipi. Sahani moja kwa paka wawili, na kati ya sahani na sahani pawe na nafasi ya mtu kupita. Ukizibananisha, madume mawili makubwa yatatawala zote, na yule jike mwoga unayemhitaji zaidi kwa kazi inayokuja atakula mwisho au hatakula kabisa. Siafu wakikusumbua, weka kila kisahani ndani ya sinia lenye maji kidogo.

Sasa chakula chenyewe. Mabaki ya malewa yana kitunguu, na kitunguu ni sumu kwa paka. Kinavunja chembe nyekundu za damu, kikiwa kibichi au kimepikwa, na hata ule mchuzi tu. Paka hafi siku hiyohiyo. Anapauka ufizi, anachoka, anapumua haraka, na watu wanasema amerogwa. Kitunguu saumu ni vilevile. Mwambie mpishi wako atenge kabla ya kuunga. Bukari peke yake hujaza tumbo bila kumlisha paka, kwa sababu mwili wake unadai taurini, na taurini inatoka kwenye nyama na samaki. Paka akiikosa muda mrefu, macho yanapofuka na moyo unadhoofika.

Kwa paka 12 wazima, mimi hutumia kama nusu kilo ya ndagala wakavu, bukari gumu gramu 700 hivi, na vijiko viwili au vitatu vya mafuta. Hiyo inampa kila mmoja karibu kalori 220, kiasi kinachomtosha paka wa kilo 3 au 4. Roweka ndagala kwanza umwage maji ya chumvi na mchanga, kisha uwachemshe kwa maji machache. Supu yake usiimwage, kwa sababu taurini huyeyukia humo. Changanya na bukari. Siku ambazo una vichwa vya samaki wa Thomson au utumbo wa kuku, chemsha hivyo badala yake, ukitoa mifupa ya kuku, maana ikipikwa huvunjika kama vijiti vyenye ncha. Samaki mbichi usizoee kuwapa. Baadhi ya samaki wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na moto ndio unaokimaliza. Maziwa hapana, paka wengi wazima yanawaharisha, na kuhara kwao ndiyo harufu utakayolaumiwa wewe.

Kuhusu hiyo harufu, nikuambie jambo ambalo wengi hawalitarajii. Ukisafisha sahani vizuri namna gani, sehemu kubwa ya harufu itabaki, kwa sababu haitoki kwenye chakula. Inatoka kwa madume wasiohasiwa wanaorusha mkojo ukutani kuandika mipaka yao. Ule mkojo mkali unaochoma pua ni wa dume mzima. Akihasiwa, harufu inapungua polepole ndani ya wiki kadhaa kadiri homoni zinavyotoka mwilini. Kwa hiyo majirani wako na veterineri wanataka kitu kimoja, ingawa hawajui.

Usafi wa kila siku ni huu: sabuni na maji kwanza, suuza, ndipo javeli. Ukipitisha javeli kwenye mafuta, haifanyi kazi. Vijiko vitatu vya supu vya javeli katika lita moja ya maji, acha sahani zikae humo dakika 10, suuza tena, anika juani. Ninasisitiza javeli kwa sababu ya panlekopenia, ugonjwa wa kutapika na kuhara unaofagia watoto wa paka kundi zima ndani ya siku chache. Virusi vyake vinaweza kukaa kwenye udongo na vyombo mwaka mzima, na dawa nyingi za kusafishia haviziogopi, lakini javeli vinaiogopa. Dettol na zile dawa nyeupe za chooni zenye harufu ya lami usizilete karibu na paka. Ini la paka haliwezi kuvunja kemikali za aina hiyo. Paka hukanyaga, hulamba miguu, na huo unakuwa mwisho wake.

Choo nacho kiwepo, la sivyo kitakuwa bustani ya jirani. Chimba shimo la upana wa meza upande ulio mbali na chakula, jaza mchanga mkavu, weka kibati juu mvua isilowanishe. Okota mavi kila siku. Siku moja ina maana yake: mayai ya toksoplazma, kijidudu cha paka kinachoweza kudhuru mimba, yakitoka na mavi bado hayaambukizi, yanahitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Ukiokota kila siku unayatangulia. Mwenye mimba asifanye kazi hiyo, na yeyote anayeifanya avae glavu au mfuko mkononi, kisha anawe kabla ya kushika bukari la wateja.

Tuje kwenye sikio.

Jike la paka linaweza kushika mimba likiwa na miezi 4 au 5 tu. Mimba ni siku 63 hadi 65, na linaweza kuipata nyingine huku bado linanyonyesha. Katika nchi za baridi kali paka hupumzika miezi ya giza, kwa kuwa mwanga wa mchana ndio unaoamsha uzazi wao. Lubumbashi mchana wa mwezi wa 6 na wa mwezi wa 12 haupitani hata saa 2, kwa hiyo wetu hawana likizo ya kueleweka. Ndiyo maana unaona watoto kila mara. Jike mmoja aliyesahaulika, mwenye kuzaa wanne mara tatu kwa mwaka, anakurudishia kundi zima ulilolipunguza. Swali la kila siku linakuwa hili: kati ya hawa, nani bado?

Na huwezi kumjua kwa kumwangalia. Kovu la upasuaji wa jike ni mstari mdogo tumboni, na manyoya yakiota huwezi kuliona hata ukimshika, sembuse paka asiyeshikika. Kwa hiyo akiwa bado amelala kwa dawa ya usingizi, daktari hubana ncha ya sikio la kushoto kwa koleo nyoofu, hukata sentimita 1 hivi juu ya koleo kwa mstari ulionyooka, huacha koleo dakika chache mpaka damu ikome, basi. Kwa mtoto wa paka hukata pungufu ya hapo, kulingana na sikio lake, kwa sababu sikio litakua. Maumivu yanafunikwa na dawa ileile aliyopewa kwa ajili ya tumbo. Usikivu haupungui, maana kinachosikia kiko ndani kabisa ya kichwa. Hiyo ncha ni gegedu jembamba na ngozi. Baada ya siku chache pamekauka, manyoya yanapita juu, kinabaki kichwa chenye sikio moja lenye ncha na moja bapa. Unaona hata kivuli chake ukutani.

Mstari unyooke, na hapo sikubali mzaha. Kuna wanaokata alama ya V pembeni. Madume wakipigana huachiana alama hizohizo. Nilikuwa na kundi nyuma ya depo moja ya unga, Komini Kenya hapahapa mjini, na ndani yake dume mmoja mwekundu mwenye pengo sikioni. Tukamwandika kuwa amekwisha hasiwa. Miezi 4 tukajiuliza kwa nini ukuta wa depo bado unanuka na kwa nini majike wapya wanaotokea wana mimba. Siku tuliyomtazama kwa nyuma tuliona kila kitu alichozaliwa nacho bado kipo. Pengo lake lilikuwa la meno ya mwenzake.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Katika kundi lilelile alitokea jike wa kijivu mwenye mistari, masikio mazima yote mawili. Tukamtega, tukamlaza, tukamnyoa, tukampasua. Kizazi hakikuwepo. Unajua daktari anafanya nini hapo? Anatafuta, kwa sababu anafikiri ni yeye hajakiona. Tulitafuta zaidi ya nusu saa ndani ya tumbo la paka aliyekwisha kufungwa na mtu mwingine ambaye hakutaka kumwekea alama, ati kumharibia sura. Jina la kliniki hiyo nalihifadhi. Yule paka alipona, lakini alilazwa mara mbili, akapasuliwa mara mbili, kwa ajili ya sentimita moja.

Kundi hilo la depo nilitumie kama mfano wa hesabu, kwa sababu linafanana na la kwako. Mlinzi aliniambia wako "ishirini au zaidi". Tulilisha kwa saa, siku 9, na daftari. Kila paka alipata mstari wake: rangi, mkia, sikio la kushoto, sikio la kulia, siku alizoonekana. Baada ya siku 9 walikuwa wazima 13 na watoto 4. Majike 8, madume 5. Jinsia tuliikisia kwa macho, na kuna msaada: paka wa rangi tatu, nyeupe na nyeusi na nyekundu pamoja, karibu wote ni majike, wekundu wengi ni madume, dume mzima asiyehasiwa ana mashavu mapana kama ya mpuliza tarumbeta. Jike anayenyonyesha ana chuchu zisizo na manyoya pembeni mwake, na huyo uandike pembeni, ili akitegwa arudishwe kwa watoto wake kesho yake. Kufungwa uzazi hakukaushi maziwa.

Mitego tulitengenezewa na fundi wa kuchomelea, wavu wa chuma, urefu sentimita 90, upana na kimo 30, mlango unaoanguka paka akikanyaga kibao cha nyuma. Wiki nzima kabla tuliweka chakula ndani ya mitego ikiwa imefungwa wazi kwa waya, ili waone ni mlango wa jikoni tu. Siku moja kabla ya kutega hatukuwapa chakula, maji tu. Hiyo ina faida mbili: wana njaa ya kuingia, na hawaendi kwenye dawa ya usingizi wakiwa na tumbo limejaa. Saa ileile ya kila siku, mlio uleule wa sufuria, na siku hiyo waya umetolewa. Tulipata 4. Mara tu mlango unapoanguka, funika mtego kwa kitambaa. Ukimwacha wazi atajirusha mpaka atoke damu puani, gizani anatulia ndani ya dakika moja. Wiki iliyofuata 3, kisha 2, kisha 2. Wiki 4, paka 11 kati ya 13.

Hapo watu wengi huchoka na kusema imetosha. Waliobaki walikuwa dume mmoja na jike mweusi ambaye alikaa mita 3 kutoka kwenye mtego akiwaangalia wenzake wakinaswa. Jike huyo alizaa wanne tukimbembeleza. Tulimpata kwa tenga kubwa la nyanya lililoegemezwa kwenye kijiti chenye kamba ndefu, chakula chini yake, mtu amejificha nyuma ya magunia. Hakuwa na kibao cha kukanyaga cha kumshtua, aliona tenga tu. Watoto wake tuliwachukua walipofika wiki 7, umri ambao bado wanazoea mkono, wawili wakapata nyumba. Kama tungeacha kwenye 11, yeye peke yake angetuanzishia tena.

Anayetoka kwa daktari asirudishwe siku hiyohiyo. Dume alale usiku mmoja kwenye mtego uliofunikwa, ndani ya chumba chenye utulivu. Jike, usiku mmoja au mbili. Paka aliyelewa dawa hawezi kujipasha joto wala kukimbia mbwa. Umfungulie palepale ulipomtega, asubuhi. Ukimpeleka mtaa mwingine atapotea akitafuta kwao.

Mji wetu una kitivo cha tiba ya mifugo pale Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa hiyo veterineri hawakosekani. Shida ni kumpata aliyezoea paka, maana wengi mkono wao umezoea ng'ombe na kuku. Muulize maswali mawili kabla ya kulipa: amewahi kufunga majike wangapi, na kama atakata ncha kwa mstari nyoofu. Mwombe pia chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo, kwa kuwa ugonjwa huo upo hapa nchini na hutapata nafasi ya pili rahisi ya kumshika. Lakini kumbuka sikio linasema "amefungwa uzazi", halisemi alichanjwa lini, na chanjo inaisha nguvu. Tarehe iandikwe daftarini. Ukiumwa au ukikwaruzwa na yeyote kati yao, mwenye alama au asiye nayo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na uende hospitali siku hiyohiyo. Paka koko ambaye jana alikukimbia na leo anakuja kujisugua miguuni akitoa udenda, usimfurahie. Ondoka, waite watu wa mifugo.

Mahali pa kulala nitapita haraka, kwa sababu paka wa Kamalondo hawakosi paa. Hata hivyo mwezi wa 6 na wa 7 usiku wetu unashuka chini ya nyuzi 10, na wasipokuwa na mahali pako watalala kwenye injini ya gari la jirani. Matofali ya kuchomwa ya udongo wa kichuguu yanatosha. Jenga kisanduku cha urefu wa sentimita 90, upana 60, kimo 45, cha kuwatosha watatu, bati juu lenye jiwe, uweze kulifunua kusafisha. Tundu moja tu la sentimita 15, paka apite mbwa ashindwe, na lielekee kaskazini au magharibi, kwa kuwa upepo wa kiangazi unatoka kusini mashariki. Chini weka vipande vya palete. Tofali peke yake ni baridi, na mbao zikigusa udongo mchwa watazimaliza kabla ya mvua. Juu yake majani makavu ya kuezekea. Blanketi na magunia usiweke: vinafyonza unyevu, paka analala kwenye kitu kibichi, na viroboto wanashukuru. Majani yakilowa au yakianza kuwa na viroboto, yachome uweke mengine. Kisanduku kikae mita kadhaa kutoka kwenye sahani, ili wageni wanaokuja kula wasigombanie kitanda.

Uchawi sasa. Hofu yako ina msingi. Paka kumi na wawili wote wamekatwa sikio moja, upande mmoja, urefu mmoja, wanakaa kwa mama mmoja. Hata mimi ningeshtuka kama sijui. Kosa ni kuwaacha watu waone kabla ya kusikia. Kabla hujatega hata mmoja, nenda kwa shefu wa avenyu pamoja na veterineri mwenyewe, ueleze, umwonyeshe picha ya sikio lililopona kwenye simu. Kisha mwalike jirani yule anayelalamika zaidi aje siku ya kutega. Kwetu huyo alikuwa mama mwenye duka la simu upande wa pili wa ukuta. Alimwona paka akiingia mtegoni, akamwona anarudi asubuhi akitembea, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiwaeleza wapita njia: "Hao wenye sikio fupi hawazai tena." Ningesema mimi, nisingeaminika nusu yake.

Na baada ya wote kufungwa, nusu saa yako ya jioni inabaki na kazi moja: kutafuta sikio zima. Kundi likiwa na alama lote, kila ncha kali utakayoiona kwenye sahani ni mgeni, ametupwa au amekuja mwenyewe, na una wiki chache tu kabla hajaongeza idadi. Pale depo wamekuja watatu tangu tumalize. Mlinzi, ambaye hajui kusoma, ndiye anayenipigia.

Kwa hiyo usiniletee paka kwanza, niletee daftari. Siku 9 au 10 zinatosha, mstari mmoja kwa kila paka, masikio yote mawili yameandikwa. Ile "kumi na kitu" yako ninaihitaji iwe namba, ndipo nitajua fundi achomelee mitego mingapi.